Faharasa ya Leonsia na Daftari la Mwalimu

Leonsia Ndizeye ana tabia moja inayowachosha watu: neno halipiti mbele yake bila kuulizwa limetoka wapi. Muuza maharage wa sokoni Ngara akimtajia jina la mbegu, atauliza ni nani anaiita hivyo, na huko Biharamulo wanaiitaje. Wauzaji wamemzoea, humpimia huku wanacheka. Mume wake, Mhangaza mpole wa kutoka Ntobeye, alishajifunza kutosema neno jipya kabla hajamaliza kula.

Tabia hiyo ndiyo iliyompa kazi. Shirika moja la ng'ambo ya mpaka lilikuwa limeandika kwa Kifaransa vijitabu kumi na tisa vya afya ya ng'ombe na mbuzi, na mradi wa kuvileta kwa Kiswahili ukapewa ofisi ndogo ya vyumba viwili pale Ngara mjini, nyuma ya duka la pembejeo. Watafsiri walikuwa wanne, kazi ya miezi kumi na minne. Vijitabu vilikuwa vya wasaidizi wa mifugo wa vijijini, watu waliosoma hadi darasa la saba, wanaoshika sindano kwa mkono mmoja na kitabu kwa mkono mwingine. Dawa moja ikiitwa jina hili katika kijitabu cha tatu na jina lile katika cha kumi, msaidizi atadhani ni dawa mbili. Kwa hiyo Leonsia aliwekwa kuwa mlinzi wa faharasa.

Faharasa yake ilikuwa jedwali ndani ya kompyuta: neno la Kifaransa, neno la Kiswahili lililokubaliwa, maana yake kwa sentensi moja, maneno yaliyopigwa marufuku, na mwisho safu aliyoipenda kuliko zote, ya chanzo, yaani nani alithibitisha. Alianza kwa kusoma vijitabu vinne vya kwanza na kuchota humo kila neno la kitaalamu. Yalifika mia sita na arobaini. Mengi aliyapeleka kwa bwana mifugo wa Murusagamba, Juvenali, ambaye alijua wafugaji wanasemaje hasa.

Pamoja na faharasa ilikuwepo kumbukumbu ya tafsiri. Kila mtafsiri alipomaliza sentensi na kubonyeza kuithibitisha, programu iliihifadhi ikiwa na pacha wake wa Kifaransa, ikaandika jina la aliyeiweka, tarehe, na jina la aliyeigusa mwisho. Sentensi ileile ikitokea tena, hata kwa mtafsiri mwingine, programu ilileta ile ya kwanza na kuonyesha asilimia mia. Kwenye vijitabu vya mifugo sentensi hujirudia mno. Nawa mikono. Tupa sindano. Soma lebo. Kumbukumbu iliwapunguzia kazi karibu ya theluthi moja, na Leonsia aliipenda kama wengine wanavyopenda ng'ombe wa maziwa.

Sasa, mtafsiri wa kwanza kati ya wale wanne alikuwa Mwalimu Anastazi, na hapo ndipo penye kisa.

Leonsia alivuka mpaka akiwa na miaka saba, mgongoni mwa shangazi kwa sehemu ya njia, akakulia katika kambi ya wakimbizi ya Lukole. Shule yao ilikuwa hema la plastiki la bluu. Anastazi alikuwa mtu wa Ntobeye aliyesomea seminari upande wa pili na kurudi bila kuwa padri lakini na Kifaransa kilichonyooka. Alikuja kuwafundisha kwa hiari yake, kwa miguu, na fimbo ya kuelekezea ubaoni ambayo hakuwahi kumpiga nayo mtoto. Daftari la Leonsia lililojaa wino wake mwekundu lipo hadi leo. Kambi ilipofungwa yeye alikuwa ameshaolewa, akabaki. Mradi ulipotafuta watu wa Kifaransa, jina la kwanza alilolitaja lilikuwa la mwalimu wake, naye wakati huo alikuwa na miaka sabini na moja, anachambua maharage nyumbani na kusahihisha mahubiri ya katekista bila kuombwa.

Mzee alitaka kitu kimoja tu, na hakukificha. Alitaka jina lake lichapwe katika kitabu. Amefundisha miaka arobaini kutoka vitabu vya watu wengine, alisema, na hajawahi kuliona jina lake kwenye karatasi ambayo haikuandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Kijitabu cha nne kilipotolewa nakala kumi za kurudufu kwa majaribio Murusagamba mwezi wa sita, ndani ya jalada palikuwa pameandikwa: Kimetafsiriwa na Anastazi wa Ntobeye, kimehakikiwa na Leonsia Ndizeye. Mzee aliomba nakala ya kumi na moja.

Jumatano moja ya mwezi wa kumi, mvua ikiwa imeanza, Leonsia alikuwa anapitia kijitabu cha kumi na saba kwa mara ya mwisho. Mafaili yote yalitakiwa kwa mchapaji Mwanza Ijumaa saa sita mchana. Akafika kwenye jedwali la dawa ambayo wafugaji huchoma ng'ombe wenye homa. Kifaransa kilisema délai d'attente, halafu maziwa siku saba, nyama siku ishirini na nane. Upande wa Kiswahili kumbukumbu ilikuwa imejaza yenyewe, asilimia mia, alama ya kijani: "Muda kati ya sindano moja na nyingine: maziwa siku 7, nyama siku 28."

Aliisoma mara mbili. Sindano ya maziwa na sindano ya nyama ni kitu gani?

Akafungua faharasa. Neno halikuwemo. Alijua kwa nini halikuwemo, na kujua huko kulimuuma: alipokuwa anachota istilahi alichota yale yaliyoonekana magumu, majina ya minyoo na kupe na magonjwa. Délai ni muda, attente ni kungoja, maneno ya kila siku ambayo hata mtoto wa darasa lake la hema angeyajua. Aliyapita bila kuwaza kwamba yakikaa pamoja yanaweza kuwa na maana yao wenyewe kwa watu wa dawa. Akampigia Juvenali. Bwana mifugo alikuwa zizini kwa mtu, akamjibu kwa haraka kwamba hizo ni siku ambazo ng'ombe akishachomwa dawa, maziwa yake hayanywewi na nyama yake hailiwi, mpaka dawa iishe mwilini. Halafu akauliza anauliza kwa sababu gani. Leonsia akasema ni kuhakikisha tu, akakata simu kabla sauti haijamsaliti.

Alipoitafuta istilahi ile katika kumbukumbu nzima, ilijitokeza mara mia moja arobaini na sita, katika vijitabu kumi na kimoja. Kote imeandikwa vilevile. Uthabiti aliokuwa anaulilia miezi yote kumi na minne ulikuwa huo hapo mbele yake, kosa moja limesambaa bila kupungua hata nukta. Wenzao wawili wa Biharamulo walikuwa wamelipokea kama lilivyo, maana lilikuja na alama ya kijani. Na la kwanza kabisa liliwekwa kutoka kijitabu cha nne: "Zingatia muda kati ya sindano moja na nyingine ulioandikwa kwenye lebo." Kijitabu cha nne, kile ambacho nakala zake kumi zilikuwa Murusagamba tangu mwezi wa sita.

Chini ya sentensi hiyo programu iliandika: imewekwa na anastazi. Na mstari uliofuata: imebadilishwa mwisho na leonsia.

Alikumbuka. Alikuwa amehamisha koma moja.

Ningekuwa mimi, labda ningefanya alichokifikiria kwanza. Angeliingiza neno kwenye faharasa, angelipiga marufuku lile la zamani, angeendesha ukaguzi kwenye mafaili yote kumi na tisa, programu ingemwonyesha kila mahali lilipo, naye angesahihisha kwenye mafaili na kwenye kumbukumbu yenyewe, maana ukisahihisha faili tu kumbukumbu italirudisha kosa kesho yake. Ni kazi ya siku moja. Nakala kumi zingekusanywa kwa kisingizio cha toleo jipya. Mwalimu angepata jina lake kitabuni na hakuna ambaye angejua. Alianza hata kuifanya. Aliandika katika safu ya Kiswahili: "siku za kutotumia maziwa na nyama", chanzo: Juvenali, Murusagamba.

Lakini mkono ulisimama. Kama mzee alikuwa amekisia hapa, alikuwa amekisia wapi tena? Kumbukumbu haitofautishi sentensi iliyoandikwa kwa uhakika na ile iliyoandikwa kwa kubahatisha. Zote ni za kijani. Za Anastazi zilikuwa elfu nne na mia tatu. Ikabidi amwulize mwenyewe, na hilo aliliogopa kuliko mchapaji wa Mwanza.

Alipanda bodaboda hadi Ntobeye mchana uleule, suruali imelowa tope hadi magotini. Mwalimu alikuwa barazani na kompyuta yake ya mradi, ile ambayo betri yake ilishakufa, waya umenyooshwa kupita dirishani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Umekuja na mvua."

Ndani, kwenye rafu, pembeni ya kitabu cha sala, aliiona ile nakala ya kumi na moja imefungwa kwa plastiki isishike unyevu. Akatamani asingeiona.

Alianza kwa mbali, kama mtu anavyoanza na mkubwa wake. Aliuliza habari za shamba, akauliza kuhusu umeme. Halafu akafungua kompyuta yake na kumwonyesha mstari. Mzee alivaa miwani, akausoma, akasema hakuna kosa: délai ni muda, attente ni kungoja, unachongoja baada ya sindano ni sindano. Leonsia akamweleza alichosema bwana mifugo. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na Leonsia akaona anainamisha macho kwa aibu, jambo ambalo katika miaka thelathini hakuwahi kuliona.

Ndipo yakatoka. Wakati wa kijitabu cha pili umeme ulikatika saa kumi jioni, na kwa kuwa betri ilikuwa imekufa, kazi ya kutwa nzima ilipotea. Mzee aliapa haitatokea tena. Akagundua kwamba sentensi iliyothibitishwa huingia kwenye kumbukumbu papo hapo na haipotei hata umeme ukikatika. Basi tangu siku hiyo alithibitisha kila kitu, alichokijua na asichokijua, kusudi kisipotee. Vile alivyovitilia shaka alivinakili kwenye daftari la mkono na kuviwekea alama ya msalaba, ili avirudie siku ya nafasi. Siku ya nafasi haikufika. Kila alipomaliza kijitabu kimoja aliletewa kingine.

Leonsia alimwambia kwamba kule kuthibitisha kulikuwa kunawafikia wenzao wote. Rozina wa Biharamulo alikuwa anapokea kisio lake kesho yake kama neno lililokwisha kukubaliwa. Mzee alitikisa kichwa. Hakujua, alisema, alidhani anaweka akiba yake mwenyewe.

"Nipe daftari, Mwalimu."

"Ulipeleke kwa Teddy?"

Teddy alikuwa mratibu wa mradi, mwanamke wa Biharamulo asiye na simile, aliyekwisha kuwaondoa watu wawili kazini kwa uzembe mdogo kuliko huu. Na mzee, ambaye alikuwa amebanwa kwenye kona, akafanya wanachofanya watu waliobanwa: akamgeukia.

"Wewe ndiye mhakiki," alisema. "Kila sentensi yangu imepita kwako. Ulisoma Kifaransa chake, au ulisoma jina langu ukaridhika?"

Hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Utaratibu wa ofisi ni kwamba mhakiki anasoma kila sentensi akiilinganisha na ya asili, neno kwa neno. Za Rozina alizisoma hivyo na kumrudishia nusu. Za Mwalimu alizisoma Kiswahili chake tu, kizuri, kinachotiririka, akahamisha koma hapa na pale ili ionekane amefanya kazi. Hakuwahi kuweza kumwandikia Mwalimu Anastazi kwamba amekosea. Aliona aibu kwa niaba ya wote wawili, akainuka, akaaga, akaondoka bila daftari.

Usiku alisinzia kwa vipande. Alhamisi asubuhi alipofika ofisini Teddy alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti cha Leonsia, na karatasi mkononi. Juvenali hakuwa mtu wa kudanganywa na simu iliyokatwa haraka. Alikuwa amekifungua kijitabu cha nne alichonacho, akausoma ule mstari, akampigia mratibu. Teddy alikuwa ametoa orodha kutoka kwenye kumbukumbu, mistari mia moja arobaini na sita, na kwenye ule wa kwanza alikuwa amezungushia kalamu: imebadilishwa mwisho na leonsia.

"Dada Leonsia, hili ni lako?"

Kulikuwa na njia mbili na zote alizijua. Angeweza kuonyesha jina lililo juu yake. Au angeweza kusema ndiyo, ni langu, akaondoka yeye, na jina la mzee likabaki ndani ya jalada. Kusema kweli hiyo ya pili ndiyo iliyomjia mdomoni, ilikuwa na utamu wake. Lakini akisema ni lake, Teddy atalifuta hilo moja na kuchapa kesho, na zile sentensi nyingine za kubahatisha, ambazo hakuna ajuaye ni zipi, zitakwenda Mwanza zote.

"Ni la Mwalimu Anastazi," alisema, "na mimi nililipitisha bila kulisoma. Na siyo hilo peke yake, Teddy. Usichape."

Teddy alikuwa hajajibu mlango ulipogongwa. Mwalimu Anastazi aliingia amevaa koti lake la kanisani, tope hadi kwenye vifundo, na daftari limefungwa ndani ya plastiki ileile iliyokuwa imefunga kijitabu. Alimsalimia Teddy kama mtu anayemsalimia mkubwa wa kazi, si kama mzee, akaliweka daftari mezani. Alisema amesikia kwamba alama zake zinahitajika. Misalaba ilikuwa themanini na tatu, kila mmoja na namba ya kijitabu, namba ya sentensi, na Kifaransa chake kwa mwandiko uliosimama wima.

Walimleta Juvenali kwa pikipiki, wakakaa wanne kuanzia saa tatu. Leonsia alisoma Kifaransa, akaeleza, bwana mifugo akasema ndivyo au sivyo, Teddy akaandika. Mpaka saa saba walikuwa wamemaliza, na kilichowashangaza kilikuwa hiki: kati ya themanini na tatu, zilizokosewa zilikuwa tisa tu. Mzee alipotilia shaka alikuwa ameuliza huku na huko, amefungua kamusi, ameandika kwa hadhari. Teddy alianza hata kulegea. Alisema kama ni tisa, zinasahihishwa leo, na Ijumaa bado ipo.

Leonsia akarudi ukurasa wa kwanza wa daftari. Akapitia misalaba yote kwa kidole, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Akaanza tena.

"Mwalimu," alisema, "délai d'attente haimo."

Mzee alilivuta daftari. Alipitisha kidole ukurasa kwa ukurasa.

"Haimo," alisema hatimaye. "Hiyo sikuitilia shaka."

Hapo ndipo wote wanne walipoelewa ukubwa wa jambo. Daftari lilikuwa limewaonyesha mahali ambapo mzee aliogopa. Lile lililokuwa na madhara lilikaa mahali ambapo hakuogopa, na ambapo mhakiki wake hakuogopa pia. Hakuna alama ya kutafutia mengine ya namna hiyo. Ilibaki njia moja: kusoma sentensi zote elfu nne na mia tatu upya, Kifaransa mkono huu na Kiswahili mkono huu.

Teddy alitoka nje na simu. Aliongea na Mwanza kwa muda mrefu, wakamwona kupitia dirishani anatembea chini ya upenu akipunga mkono. Aliporudi alisema mchapaji atawasogeza mbele wiki nne, na kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayeeleza kwa wenye mradi. Kisha akatoa masharti. Kuanzia sasa sentensi yenye shaka inahifadhiwa kama rasimu, haithibitishwi, na kila mtafsiri anapewa betri nzima. Hakuna sentensi itakayoingia kwenye kumbukumbu kuu kabla mtu wa pili hajaisoma pamoja na asili yake. Na ndani ya jalada hapatakuwa na jina la mtu yeyote. Patasema kimetafsiriwa na ofisi ya Ngara. Jina ni dhamana, alisema, na dhamana hii imevunjika.

Leonsia alifungua mdomo kumtetea mzee. Mwalimu alimgusa mkono, akamwambia aache.

Nakala za majaribio zilipaswa kurudi. Juvenali alikusanya tisa kwa siku mbili. Ya kumi ilikuwa kwa Nshoma, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, ambaye boma lake liko mbali, karibu na mpaka, huko ambako barabara imekoma kuwa barabara. Bwana mifugo alikuwa tayari kwenda. Mwalimu akasema atakwenda yeye. Walimkatalia, akakataa kukatazwa, na mwisho Jumatatu walikwenda watatu, pamoja na Leonsia, kwa gari la mradi, na sehemu ya mwisho kwa miguu, mzee katikati.

Nshoma aliwapokea vizuri, akawapa vigoda. Alikuwa anakipenda kile kijitabu, kimekunjika pembe kwa kutumiwa, na bila kuulizwa alieleza jinsi alivyokifuata. Ng'ombe wawili walikuwa na homa. Alisoma lebo ya dawa, maziwa siku saba, akasoma kitabu, basi alichoma, akangoja siku saba, akachoma tena. Ng'ombe walipona. Na maziwa? Maziwa walikunywa kama kawaida, alisema, wangeyaacha kwa nini? Watoto walikuwa wanapita na vibuyu nyuma yake wakati anasema hayo. Hakuna aliyeugua, na Juvenali baadaye alieleza kwamba dawa ya namna ile mwilini mwa mtoto hudhuru taratibu bila kupiga kelele, ndiyo maana siku zinaandikwa.

Leonsia aliona Mwalimu anawatazama watoto wale mmoja mmoja, kama alivyokuwa anaita majina asubuhi kambini. Kisha mzee akamwambia Nshoma kwamba kitabu kimekosea. Akamweleza siku zile ni za nini, polepole, mara mbili, akamfanya arudie. Nshoma alirudia. Alikigeuza kijitabu mikononi, akafunua jalada, akasoma kwa kuburuza kidole, maana kusoma kwake kulikuwa kwa kuburuza kidole. Akainua macho.

"Huyu Anastazi wa Ntobeye," aliuliza, "ndiye wewe?"

Miaka arobaini mzee alikuwa amengoja mtu asiyemjua afunue kitabu na kumwuliza swali hilo. Leonsia alijua, akashindwa kumtazama.

"Ndiye mimi," alisema Mwalimu Anastazi.

"Na huyu wa chini, aliyehakiki, ni mimi," alisema Leonsia.

Nshoma aliwatazama wote wawili, akafunga jalada, akakirudisha. Mwalimu alikipokea kwa mikono miwili. Kutoka ndani ya koti alitoa ile nakala yake ya kumi na moja, akaiweka juu ya ile ya kumi, akampa bwana mifugo zote mbili zikachomwe pamoja na nyingine.

Siku iliyofuata saa mbili asubuhi walikaa ofisini, Mwalimu na Leonsia, kuanza na sentensi ya kwanza kati ya elfu nne na mia tatu. Mzee alisoma Kifaransa kwa sauti, Leonsia Kiswahili. Kwenye sentensi ya kumi na tisa Leonsia alisita.

"Mwalimu," alisema, "hapa umekosea."

Mzee alisogeza daftari lake karibu, akalilamba tone la wino kidoleni, akaandika msalaba.

"Vizuri," alisema. "Endelea."